Kwa nini kamusi ilikupotosha kuhusu neno 'bepari'

Barua hii nilimwandikia binti mmoja ninayemfunza Kiswahili nyumbani kwao Kitisuru. Naichapisha hapa, kwa ruhusa ya wazazi wake, kwa kuwa swali lake huwatatiza wanafunzi wengi.

Binti yangu,

Jumamosi nilipotoka kwenu uso wako ulikuwa umekunjamana, nami nikaifuata Barabara ya Peponi nikiwaza swali lako: "Mwalimu, kama neno nimelitafuta kwenye kamusi, basi kosa langu liko wapi?" Nilikujibu harakaharaka ati usome tena. Hilo halikuwa jibu. Leo nataka kukujibu ipasavyo.

Ulikuwa unasoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Julius Nyerere, ikachapishwa mwaka wa 1969. Ukafungua kamusi yako, ukaambiwa kwamba bepari ni mtu anayemiliki njia kuu za uchumi na kujitajirisha kwa jasho la wengine. Ukaandika basi kwamba anayetajwa katika jina la kitabu ni Shailoki, yule mkopeshaji, na kwamba Antonio ni mhasiriwa wake tu. Nami nikapiga mstari mwekundu.

Neno bepari lilitufikia kutoka Bara Hindi. Huko biashara huitwa vyapar au vepar, kutegemea lugha, na anayeifanya ni vyapari au vepari. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wakivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi tangu zamani, na katika karne ya 19 walikuwa na nguvu kubwa Unguja. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, kwa mfano, ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Watu hao walituachia maneno ya kazi yao: hundi, laki, bima. Waliacha pia jina lao wenyewe, bepari. Lilikuwa jina la kazi tu, kama vile seremala au nahodha. Kumwita mtu bepari hakukuwa kumtukana.

Nina nakala kuukuu ya kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka wa 1939. Niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji. Humo bepari ni mfanyabiashara, basi. Hakuna jasho la mtu wala njia kuu za uchumi.

Sasa jiulize, hayo mengine yaliingia lini? Tarehe tunayo. Mwezi wa Februari mwaka wa 1967, chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha. Siasa ya ujamaa ilihitaji majina ya mambo iliyoyapinga, na waandishi wake hawakwenda kuazima maneno mapya Ulaya. Walichukua yaliyokuwepo wakayapa mzigo mwingine. Jina la mfanyabiashara likawa jina la mnyonyaji, na ubepari ukawa jina la mfumo mzima wa uchumi.

Usidhani hilo lilikuwa jambo la neno moja. Tazama jirani yake katika Azimio hilohilo, yaani kabaila. Neno hili lina asili ya Kiarabu, la ukoo wa kabila, na katika kamusi za zamani kabaila ni mtu wa ukoo bora, mtu wa heshima. Baada ya Azimio akawa mwenye mashamba makubwa anayekula jasho la wakulima. Maneno mawili ya sifa au ya kazi yaligeuzwa kuwa maneno ya lawama. Redio, mikutano ya hadhara na shule zikayaeneza, na maana mpya ikaifunika ile ya zamani.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiswahili iliyoandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1981. Ilikuwa miaka 14 tangu Azimio. Watunga kamusi huandika maneno kama wanavyoyasikia yakitumika wakati wao, na kamusi ndogo za shule kama yako hufuata nyayo hizo. Ndiyo maana nasema kamusi yako haikusema uongo. Ilikueleza bepari wa wakati wake, kumbe wewe ulikuwa unamtafuta bepari wa Venisi.

Turudi kwenye mchezo wenyewe. Katika Kiingereza, jina la tamthilia linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, mwenye merikebu zinazosafirisha bidhaa baharini. Ndiye anayekopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu ili amsaidie rafiki yake Bassanio. Shailoki kazi yake ni kukopesha kwa riba. Tena mojawapo ya sababu za chuki yake ni kwamba Antonio huwakopesha watu bila riba na hivyo kumharibia soko. Ukiingiza ile maana ya kamusi yako, lazima utafute mnyonyaji, na macho yataangukia kwa Shailoki. Hapo ndipo ulipopotea: umemwondoa mwenye jina, ukampa mwingine kiti chake.

Lakini, binti yangu, nami nina deni kwako. Nilipofika nyumbani nilikitazama tena kile kichwa: Mabepari. Mwalimu Nyerere ameweka wingi mahali ambapo Shakespeare ana mtu mmoja. Angeweza kuandika Mfanyabiashara wa Venisi, au Tajiri wa Venisi, na hakuna ambaye angelalamika. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa TANU, na kitabu kilitoka miaka miwili tu baada ya Azimio. Msomaji wa Dar es Salaam mwaka wa 1969 asingeweza kuliona neno hilo bila kusikia mwangwi wa siasa, na wapo wahakiki waliolisoma hivyo. Katika wingi ule Shailoki anaweza kuingia pamoja na Antonio, maana wote wawili wanaishi kwa fedha na faida.

Kwa hiyo kosa lako lilikuwa kumtoa Antonio. Kumwona Shailoki humo halikuwa kosa, na mstari wangu mwekundu ulifuta yote mawili kwa pamoja. Nakurudishia nusu ya alama. Hiyo nusu nyingine utaipata ukiandika upya.

Utakapoandika, fanya hivi. Kwanza tazama mwaka wa kitabu unachosoma na mwaka wa kamusi yako. Kama kamusi ni changa kuliko kitabu, chukua tahadhari. Pili, weka maana ya zamani mahali pa neno usome sentensi nzima, kisha weka ile mpya. Mahali mhusika anapozungumzia merikebu na bidhaa zake, "mfanyabiashara" itakaa vizuri na "mnyonyaji" itakwama. Penye kichwa cha kitabu zote mbili zinakaa. Basi hapo usichague moja, eleza zote mbili na useme kila moja imetoka wapi.

Tutaonana Jumamosi. Nitakuja na ile kamusi ya 1939. Wewe tafuta neno kabaila katika yako, tuzilaze kamusi hizo mbili mezani tuone zitasemaje.

Wako,
Mwalimu