Pande Mbili za Utando Mmoja: Ugomvi wa Miaka 68 juu ya Damu Inayovilia Kichwani

Mwaka 2025 ilitimia miaka 100 tangu madaktari wawili wa Boston, Tracy Putnam na Harvey Cushing, wachapishe makala yao juu ya damu inayovilia chini ya utando mgumu wa ubongo. Makala hiyo ilisaidia kumaliza ugomvi ulioanza mwaka 1857, ugomvi uliowafanya wagonjwa wengi wafe huku tiba yao ikiwa ni tundu dogo tu kwenye fuvu. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: damu ile inaletwa na pigo au na ugonjwa?

Ili kuelewa kwa nini watu wenye akili nyingi waligombana muda wote huo, hebu tuanze na utando wenyewe. Ubongo umefunikwa na tando tatu. Wa nje, unaogusa fuvu, ni mnene na mgumu. Wa kati, araknoidi, ni mwembamba sana. Wa ndani ni laini na umeambatana na ubongo katika kila kunjo lake. Ule mgumu una matabaka mawili yaliyoungana karibu kila mahali, isipokuwa kwenye mistari fulani ambapo yanaachana na kuacha mfereji katikati. Ndani ya mifereji hiyo hupita damu inayotoka kwenye ubongo kurudi moyoni. Mfereji mrefu kuliko yote hupita chini ya utosi, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na huko hukutana na mingine mahali ambapo hadi leo panaitwa kwa jina la Herofilo, tabibu wa Kigiriki aliyepasua maiti mjini Aleksandria, Misri, karibu miaka 2,300 iliyopita.

Nafasi iliyo juu ya utando mgumu, na ile iliyo chini yake, hazipo kwa mtu mzima mwenye afya. Utando umeshikana na mfupa kwa juu na araknoidi kwa chini. Nafasi huzaliwa pale damu inapojitengenezea njia kwa nguvu, na upande itakaoingia ndio unaoamua kama mgonjwa ana saa chache au ana wiki kadhaa.

Upande wa juu ulieleweka mapema. Mwaka 1816 daktari wa upasuaji Charles Bell alieleza jaribio alilofanya kwa maiti: ukiligonga fuvu kwa nyundo nzito kisha ukafungua, utaona utando umebanduka mfupani pale palipogongwa. Akarudia kwa maiti mwingine, safari hii akijaza mishipa ya kichwa kwa kimiminika kinachoganda, na akakikuta kimejikusanya kati ya mfupa na utando palepale palipopigwa. Mahali hatari zaidi ni kwenye panja. Mfupa wa hapo ni mwembamba, na chini yake hupita ateri ya kati ya utando, iliyolala katika mfuo kwenye ukuta wa ndani wa fuvu. Mfupa ukipasuka, ateri hukatika pamoja nao, na kwa kuwa damu ya ateri inasukumwa kwa nguvu, hubandua utando kidogo kidogo. Hukomea kwenye viungo vya mifupa ya fuvu, ambako utando umeshikiliwa sana, ndiyo maana kwenye picha damu hiyo ina umbo la lenzi, nene katikati na nyembamba pembeni. Kwa wazee sana na watoto wachanga ni nadra, kwa sababu kwao utando umegandamana na mfupa kiasi kwamba haubanduki kirahisi.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson. Machi 16, 2009, alianguka wakati wa somo la kuteleza juu ya theluji huko Mont-Tremblant, Kanada, bila kofia ngumu kichwani. Aliinuka, akaongea kama kawaida, na wahudumu wa afya waliofika wakaambiwa hawahitajiki. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Alifariki Machi 18, akiwa na umri wa miaka 45, na uchunguzi wa maiti ukathibitisha kwamba damu ilikuwa imevilia juu ya utando. Kile kipindi cha kuonekana mzima kabla ya kuzidiwa hakimpati kila mgonjwa, lakini anayekipata humdanganya kila mtu aliye karibu naye. Dalili zinazofuata ni maumivu ya kichwa yanayopanda, kutapika, usingizi usio wa kawaida, na mwishoni mboni ya jicho, kwa kawaida la upande wenye damu, hutanuka na kukataa kusinyaa inapomulikwa.

Hapa sina budi kuwataja Wagusii wa Kenya, maana historia hii huandikwa kana kwamba ni ya Ulaya peke yake. Omobari, mpasuaji wao wa jadi, alikuwa akipasua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeumwa kichwa muda mrefu baada ya kupigwa, kisha akiukwangua mfupa polepole hadi utando uonekane. Hapo alisimama. Utando mgumu hakuukata, na wagonjwa wengi walipona jeraha hilo na kuishi. Madaktari wa kigeni walikuja kuandika na kupiga filamu katika karne ya 20. Sisi wenyewe tumeandika kidogo mno, na wale waliokuwa na ujuzi huo mikononi wanazidi kuondoka.

Tuje sasa upande wa chini, kulikozaliwa ugomvi. Mfano wake maarufu wa kale ni mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa, aliyechomwa na kipande cha mkuki juu ya jicho katika mchezo wa farasi mjini Paris, Juni 30, 1559, akafa Julai 10. Matabibu wawili wakubwa wa zama hizo, Ambroise Paré na Andreas Vesalius, walikuwepo. Fuvu lilipofunguliwa halikuwa limevunjika, lakini madhara yalionekana nyuma ya kichwa, upande ulio mkabala na pigo. Kumbe ubongo unaweza kuumia pasipo mfupa kuvunjika.

Mwaka 1845 Prescott Hewett wa London alikwishaeleza kwamba damu hutangulia, na kile kifuko cha ngozi kinachoizunguka hujengeka baadaye. Kisha akaja Rudolf Virchow. Alikuwa Mjerumani, bingwa wa magonjwa aliyeheshimiwa kuliko wote wa kizazi chake, na mwaka 1857 alisema kinyume: uvimbe wa utando mgumu ndio unaotangulia, unazaa ngozi yenye vishipa dhaifu, na vishipa hivyo vinavuja. Hakuzungumza ovyo. Ngozi aliiona kwa hadubini, na vishipa vilikuwemo. Maiti wengi wa namna hiyo walitoka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, wakiwa wazee, walevi au wagonjwa wa kaswende, watu ambao hawakuweza kusimulia kwamba wiki nane zilizopita waligonga kichwa. Pigo halikuandikwa popote, likahesabiwa kuwa halikuwepo.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Ukiamini kwamba huo ni uvimbe wa utando, hutatoboa fuvu, utamwangalia mgonjwa akififia. Jina la Virchow lilitosha kuwanyamazisha wengi hadi mwaka 1914, pale Wilfred Trotter, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Chuo Kikuu cha London, alipochapisha wagonjwa wake mwenyewe na kusema wazi kwamba chanzo ni jeraha. Trotter huyu aliandika pia kitabu juu ya jinsi wanadamu wanavyofuata kundi, na mimi siwezi kuamini kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Hoja yake ilisimama juu ya ule mfereji wa utosini. Vena za juu ya ubongo huvuka kutoka kwenye ubongo kwenda kumwaga damu katika mfereji mkuu. Ubongo hucheza kidogo ndani ya fuvu, lakini mfereji haujongei, kwa kuwa umefungwa ndani ya utando. Kichwa kikitikisika mbele na nyuma, vena hizo huvutwa mahali zinapovuka, na ukuta wake hapo ni mwembamba. Kwa mzee ubongo umesinyaa, vena zimekwisha kunyooka, hivyo hata kugonga kizingiti cha mlango kunatosha. Damu ya vena haina msukumo mkubwa. Hutoka taratibu, husambaa juu ya ubongo bila kuzuiwa na viungo vya mifupa, na kwenye picha huonekana kama hilali.

Chukua mgonjwa wa kawaida wa aina hii, mzee wa miaka 75 anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Amejigonga, hakuzimia, akasahau. Wiki ya tano anaanza kuburuta mguu mmoja, anachanganya majina ya wajukuu, anasinzia mchana. Nyumbani watasema ni uzee, au kiharusi, na wengine watasema amerogwa. Hata mashine inaweza kudanganya. Tangu mgonjwa wa kwanza apigwe picha ya CT huko Wimbledon, Oktoba 1971, damu mbichi imejulikana kwa weupe wake, lakini baada ya wiki mbili au tatu rangi yake hufanana na ya ubongo. Msomaji asiye makini ataiona picha safi, asipoangalia kama mikunjo ya ubongo imesukumwa mbali na fuvu.

Tiba ni tundu moja au mawili. Mfupa hutobolewa, utando mgumu hukatwa, na majimaji mazito ya hudhurungi hutoka yenyewe. Nafasi husafishwa kwa maji ya chumvi, kisha mrija huachwa humo kwa siku mbili. Mrija huo si pambo: utafiti uliofanyika Cambridge na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba bila mrija damu ilirudi kwa wagonjwa 24 kati ya 100, na kwa mrija ikarudi kwa 9.

Virchow naye hakukosea kote. Pigo hutangulia, kama Trotter alivyosema, ila baadaye damu huchokoza tabaka la ndani la utando, ngozi hujengeka, na vishipa vyake huvuja tena na tena. Vishipa hivyo hulishwa na matawi ya ateri ileile ya panja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2024 yameonyesha kwamba kuiziba ateri hiyo kwa mrija mwembamba, unaopitishwa kwenye mishipa kutoka kwenye paja au mkono, kunaweza kupunguza hatari ya damu kurudi.

Kwetu upasuaji wa ubongo unafanyika, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa mfano. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumfikisha mgonjwa huko mapema. Kijana aliyeanguka kwenye bodaboda akaamka na kusema ni mzima, asiachwe alale peke yake usiku huo. Na mzee aliyebadilika ndani ya wiki chache, kabla hujasema ni uzee, muulize yeye na waliokaa naye kama aligonga kichwa mwezi mmoja au miwili iliyopita, kisha mpeleke akapigwe picha.