Vigeu Vinavyorudiwa na Upotevu wa Kanieneo Bombani: Historia ya Mbinu, 1883–1933

Ikisiri
Makala hii inafuatilia jinsi upotevu wa kanieneo katika bomba ulivyopunguzwa kutoka vigeu sita hadi makundi matatu yasiyo na kipimo. Inaonyesha kwamba mbinu ya vigeu vinavyorudiwa iliwaelekeza watafiti jinsi ya kupanga majaribio yao, lakini haikuweza kuwafichulia kigeu walichokisahau.

1.0 Usuli
Hadi kufikia katikati ya karne ya 19, wahandisi wa maji walitegemea majedwali. Mnamo 1883, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji yaliyotiririka katika bomba la kioo huko Manchester. Aliona kwamba mtiririko hugeuka kutoka utulivu hadi msukosuko si kwa sababu ya kasi pekee, bali kwa thamani ya DVρ/μ, yaani kipenyo, kasi na densiti vikizidishwa, kisha kugawanywa kwa mnato. Thamani hiyo haina kipimo. Ni namba tupu.

Kanuni ya jumla iliwahi kuelezwa na Mfaransa Vaschy mwaka 1892, lakini iliyoenea ni ile ya Edgar Buckingham, aliyoichapisha Marekani mwaka 1914. Buckingham aliyaita makundi hayo kwa herufi ya Kigiriki Π.

2.0 Hatua za Mbinu
Vigeu vinavyohusika ni sita: upotevu wa kanieneo Δp, urefu l, kipenyo D, kasi V, densiti ρ na mnato μ. Vipimo vya msingi ni vitatu: tungamo M, urefu L na wakati T. Sita ukitoa tatu, hubaki makundi matatu.

Huchaguliwa vigeu vitatu vya kurudiwa katika kila kundi, hapa D, V na ρ. Ni sharti kwa pamoja vibebe M, L na T, na visiweze kuunda namba tupu vyenyewe kwa vyenyewe. D, l na V, kwa mfano, haviwezi kutumika: havina tungamo, na l/D tayari ni namba tupu. Aidha, Δp hairudiwi, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa. Ikirudiwa itatawanyika katika makundi yote.

Kundi la kwanza ni Δp·D^a·V^b·ρ^c. Vipimo vya Δp ni M L⁻¹ T⁻². Ili M itoweke, 1 + c = 0, hivyo c = −1. Ili T itoweke, −2 − b = 0, hivyo b = −2. Kwa L, −1 + a + b − 3c = 0, hivyo a = 0. Kundi ni Δp/(ρV²). Kwa njia hiyo hiyo, l hutoa l/D, nayo μ hutoa μ/(ρVD), ambayo ikipinduliwa ni namba ya Reynolds.

3.0 Ushahidi wa Mabomba
Mwaka 1913, Heinrich Blasius alionyesha kwamba vipimo vya mabomba laini hulalia mkunjo mmoja vikichorwa dhidi ya namba ya Reynolds. Mwaka 1914, Stanton na Pannell walithibitisha hilo nchini Uingereza kwa hewa na maji.

Maana yake huonekana kwa mfano. Katika bomba laini la kipenyo cha milimita 50, maji ya nyuzi 20 za selsiasi yakienda mita 1 kwa sekunde, namba ya Reynolds ni takriban 50,000. Hewa, ambayo mnato wake ukigawanywa kwa densiti yake ni takriban mara 15 ya ule wa maji, huifikia namba hiyo kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Thamani ya ρV² ni 1,000 kwa maji na 270 kwa hewa. Basi hewa ikipoteza paskali 57 kwa kila mita, maji yatapoteza takriban 211, bila kupimwa.

4.0 Mpaka wa Mbinu
Mbinu hutaja makundi. Haitaji umbo la mkunjo unaoyaunganisha. Zaidi ya hayo, huamini orodha iliyopewa. Henry Darcy alikuwa ameonyesha tangu 1857 kwamba hali ya ukuta wa bomba hubadili upotevu. Kigeu hicho kikiachwa, hesabu ya vipeo hukamilika bila dosari yoyote. Dalili ya kosa huonekana katika mchoro tu, ambapo mabomba tofauti hutoa mikunjo tofauti kwa namba ile ile ya Reynolds.

Johann Nikuradse alilishughulikia jambo hilo huko Göttingen kwa kubandika chembe za mchanga za ukubwa unaojulikana ndani ya mabomba. Matokeo yake ya 1933 yalihitaji kigeu cha saba, kimo cha chembe ε, na hivyo kundi la nne, ε/D. Mikunjo iliyoonekana kutawanyika ikapangika kwa kufuata thamani ya ε/D.

5.0 Hitimisho
Katika nusu karne hiyo, aljebra ya vipeo ilipunguza idadi ya majaribio yaliyohitajika, ilhali orodha ya vigeu iliendelea kutoka kwa waliochunguza mabomba yenyewe.