Ilani ya kamera na barua pepe kazini: Muda wa kuhifadhi picha hupimwa kwa diski

ILANI inayowaarifu wafanyakazi kwamba wanarekodiwa kwa kamera, na kwamba barua pepe zao za kazini zaweza kukaguliwa, si hisani ya mwajiri. Ni takwa la kifungu cha 29 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kinachomtaka anayekusanya habari za mtu amweleze mhusika, kabla ya kuzikusanya, kwamba zinakusanywa, ni kwa madhumuni gani, nani mwingine atazipata, zitalindwa vipi na ana haki gani juu yake. Kifungu cha 39 kinaongeza kwamba habari hizo zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa madhumuni yale yale.

Ofisi nyingi hutimiza sehemu ya kwanza na kuteleza kwenye ya pili. Huandika “siku 30” kwa kuwa tarakimu hiyo imezoeleka, wala hakuna anayekwenda kuitazama mashine yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni wa shirika lenye makao yake Lodwar, ghala Kakuma, umbali wa kilomita zipatazo 120, na kituo kidogo Kerio karibu na Ziwa Turkana. Ghala lina kamera nane, Kerio kuna mbili, na barua pepe zote hupitia seva moja inayosimamiwa kutoka Lodwar. Ilani ni moja kwa vituo vyote, nayo yasema picha huhifadhiwa siku 30 kisha hufutwa.

Kamera ya kawaida iliyopangwa kutuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nane za Kakuma basi hula gigabaiti 173 hivi kila siku. Ikiwa mashine ya kurekodi ina diski ya terabaiti 4, yaani gigabaiti 4,000, diski hiyo hujaa siku ya 23, na kuanzia hapo picha mpya huandikwa juu ya zile za zamani. Hakuna kengele inayolia wala mtu anayebonyeza kitufe.

Kerio mambo ni kinyume. Kamera mbili na diski ya terabaiti 2 hutoa nafasi ya siku 46. Kituo kikitumia umeme wa jua na betri zikiishiwa usiku, mashine hulala pamoja nazo, na diski ile ile yaweza kubeba vipande vya picha vya siku 80 au 90. Jambo jingine hujitokeza hapo, nalo ni saa. Betri ndogo ya ndani ya mashine ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha ya leo hubeba tarehe ya miaka iliyopita. Picha ya aina hiyo haiwezi kumtia mtu hatiani wala kumwokoa.

Kwa hiyo ilani moja imekosea pande mbili: Kakuma inaahidi zaidi ya iliyo nayo, na Kerio inaweka zaidi ya ilivyoahidi.

MTUNZA GHALA NA SIKU YA 25

Msomaji aweza kudhani kwamba kufuta mapema humfaa mfanyakazi daima. Tufuate mkasa mmoja katika ghala hilo letu la mfano.

Tarehe 3, lori linapakuliwa na katoni 12 za mafuta ya kupikia hazifiki rafuni. Hesabu ya bidhaa hufanywa mara moja kwa mwezi, na inapofanywa tarehe 28 upungufu unaonekana. Mtunza ghala anasema katoni hizo hazikushushwa kamwe, kwamba alitia sahihi karatasi ya kupokelea mzigo akiamini hesabu ya dereva. Anaomba picha za mlango wa kupakulia zitazamwe. Lakini kutoka tarehe 3 hadi 28 ni siku 25, na picha za tarehe 3 zilifutika siku mbili kabla hajajua kwamba anazihitaji. Kilichobaki ni karatasi yenye sahihi yake.

Kosa hapo lilianza siku muda ulipopangwa bila kutazama kalenda ya ghala. Madhumuni yaliyotajwa katika ilani ni kulinda bidhaa; upungufu wa bidhaa hugunduliwa kwenye hesabu; hivyo muda wa kuhifadhi sharti uvuke kipindi kati ya hesabu moja na nyingine, pamoja na siku chache za kuuliza maswali. Kwa hesabu ya kila mwezi, siku 35 zina sababu. Hilo lahitaji diski ya terabaiti 8, inayotosha siku 46 kwa kamera hizo nane, na mashine ipangwe kufuta yenyewe siku ya 36 badala ya kungoja ijae. Njia nyingine, isiyo na gharama ya diski, ni kuhesabu bidhaa kila wiki mbili na kuandika siku 20. Hiyo ya pili ndiyo mwandishi huyu angeipendelea, kwa sababu inapunguza picha na kuharakisha haki kwa pamoja.

Ulaya, Bodi ya Kulinda Data ilisema katika mwongozo wake wa kamera kwamba kadiri muda unavyozidi kuwa mrefu, hasa ukipita saa 72, ndivyo mwenye kamera anavyotakiwa kutoa sababu nzito zaidi. Sheria ya Kenya haikutaja idadi ya siku. Imeacha sababu iwe kipimo, na sababu hiyo yafaa iandikwe ndani ya ilani karibu na tarakimu.

Kukiwa na tukio, kipande kinachohusika hutolewa kwenye mashine na kuwekwa pembeni, kikiwa na jina la aliyekitoa, tarehe na sababu. Kipande hicho hakifuati tena kanuni ya siku 35. Hukaa hadi shauri liishe, na kwa kuwa madai mengi yanayotokana na mkataba wa kazi yaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3, ilani isiyotaja hali hii ya pekee itakuwa imewaficha wafanyakazi jambo. Mfanyakazi mwenyewe ana haki ya kuomba nakala ya habari zinazomhusu, na Kanuni za Jumla za 2021 zinampa mwajiri siku 7 kuitikia. Afanye hivyo kwa maandishi na mapema. Ombi linalofika siku ya 34 lina siku moja tu ya kuizuia mashine isifute.

BARUA PEPE

Hapa ilani nyingi hujificha nyuma ya sentensi moja: “Mawasiliano yote yaweza kukaguliwa.” Sentensi hiyo haimwelezi mtu kitu. Kuna tofauti kubwa kati ya seva kuandika kwamba barua ilitoka kwa fulani kwenda kwa fulani saa nne asubuhi ikiwa na kiambatisho, na meneja kuifungua na kuisoma. La kwanza hufanyika kwa kila barua, kwa ajili ya kunasa virusi na utapeli. La pili lafaa liwe nadra, liwe na sababu iliyoandikwa, na liwe na watu wawili wanaoidhinisha, mmoja wao akiwa si mkuu wa mhusika.

Kesi inayotajwa sana ni ya Bogdan Barbulescu wa Romania. Alifutwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma na kuchapisha mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake kwenye Yahoo Messenger. Alijua kwamba kutumia vifaa vya kazi kwa mambo binafsi kulikatazwa. Hata hivyo, Septemba 5, 2017, Jopo Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa, na miongoni mwa sababu ni kwamba hakuelezwa mapema aina na upana wa ukaguzi, wala kwamba maneno yenyewe yangesomwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, ila unaonyesha wazi pengo kati ya kukataza na kuarifu.

Ilani nzuri basi yaweza kusema: “Kumbukumbu za barua zilizotumwa na kupokewa huhifadhiwa siku 90. Maandishi ya barua hayasomwi ila panapokuwa na tuhuma maalumu iliyoandikwa, na kwa idhini ya maafisa wawili. Barua kati ya mfanyakazi na chama chake, daktari wake au wakili wake hazifunguliwi. Sanduku la barua la aliyeacha kazi hufungwa siku anapoondoka na kufutwa baada ya siku 60.”

Kisha liko suala la nakala za akiba, ambazo wengi husahau. Barua iliyofutwa kwenye seva leo yaweza kubaki katika nakala ya akiba miezi mingine mitatu. Kama akiba huzungushwa kila baada ya siku 90, siku 60 za ilani kwa kweli ni 150, na hiyo ndiyo idadi ya kuandikwa.

ASIYEIONA ILANI

Walinzi wa lango mara nyingi huajiriwa na kampuni nyingine na hawana anwani ya barua pepe ya ofisi. Ilani iliyotumwa kwa barua pepe imewapita. Wako pia wapagazi wa kutwa, na katika Kakuma wako wakimbizi wanaopanga foleni mbele ya lango linalotazamwa na kamera. Hao si wafanyakazi, lakini sura zao zimo kwenye diski ile ile, na kwa mtu aliyekimbia nchi yake sura kuonekana mahali fulani siku fulani si jambo dogo. Kwao pahitajika kibao langoni kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiturkana, na maelezo ya mdomo kwa asiyesoma. Bora zaidi, kamera ielekezwe upya iutazame mlango na kuiacha foleni. Vyooni, vyumba vya kubadilishia nguo na mahali pa sala hapawekwi kamera, na hilo nalo liandikwe.

Picha za lango hazifai kutumiwa kupima nani alichelewa kazini ikiwa ilani ilisema ni za kulinda bidhaa. Mwajiri akitaka kuzitumia hivyo, atoe ilani mpya kwanza.

Kuthibitisha iwapo ilani inasema kweli huchukua dakika kumi. Mwakilishi wa wafanyakazi aombe, mbele ya msimamizi, aonyeshwe tarehe ya picha ya zamani kuliko zote iliyomo kwenye mashine, bila kuzitazama picha zenyewe, na ailinganishe saa ya mashine na ya simu yake. Azihesabu siku. Zikipishana na ilani, amwandikie mwajiri.

Asiporidhika na jibu, mlalamishi aweza kumwendea Kamishna wa Kulinda Data, ambaye sheria inamruhusu kupokea malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo, na inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90. Faini ya juu ambayo Kamishna aweza kutoza ni Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa kampuni, kutegemea kiasi kipi ni kidogo.