Kuta za majaribio: vile wahandisi walijifunza kupigilia misumari kwenye kilima

Mtu akipita kwenye barabara iliyokatwa ndani ya kilima, anaona ukuta wa betoni na vichwa vya vyuma vimepangwa mstari kwa mstari. Anasema: betoni njo inashika kilima. Hapana. Ile betoni ni ngozi tu. Kinachoshika ni vyuma virefu vilivyolala ndani ya udongo, na tunaviita misumari. Leo tuone namna gani watu walijua misumari iwe mbali kiasi gani, na juu ya nini walijenga kuta nzima ili waziangushe kwa makusudi.

Tuanzie Ufaransa, mwaka wa 1972, karibu na Versailles. Reli ilipaswa kupanuliwa, na kwa hiyo kilima kikatwe. Kazi ilishikwa na Bouygues pamoja na Soletanche. Kimo cha mkato kilikuwa mita 18 hivi, mteremko wa nyuzi 70, yaani karibu wima, na udongo wenyewe ulikuwa mchanga wa Fontainebleau. Mchanga! Kila mmoja wetu aliyechimba tundu kwenye mchanga anajua vile unateremka.

Walifanya hivi. Walichimba kidogo kutoka juu, wakatoboa matundu, wakaingiza vyuma na kuvizungushia uji wa simenti, kisha wakapuliza betoni juu ya nyavu za chuma. Halafu wakashuka hatua nyingine, tena na tena mpaka chini. Ndiyo maana ukuta huu hauko kama ule wa mawe: ule wa mawe unaanzia chini, huu unaanzia juu.

Misumari ya Versailles ilikuwa mifupi, haikupita mita 6, lakini ilikuwa karibu karibu sana: sentimita 70 hivi kutoka mmoja mpaka mwingine. Kwa kazi nzima iliingia zaidi ya misumari 25,000. Ukuta ukasimama. Lakini ukuta ukisimama, haukuambii umebakiza nguvu gani. Pengine misumari nusu ingetosha. Pengine siku ya mvua kubwa ungeanguka. Hakuna aliyekuwa na njia ya kuhakikisha.

Wajerumani walichukua njia ya kuuliza udongo wenyewe. Kuanzia 1975, Chuo Kikuu cha Karlsruhe na kampuni Bauer walijenga kuta za ukubwa wa kweli, wakaweka mizigo juu mpaka zikaanguka, na wakatazama umbo la udongo uliokatika. Wafaransa nao walianzisha mwaka wa 1986 mradi wa taifa ulioitwa Clouterre, chini ya uongozi wa François Schlosser. Ulidumu mpaka 1990, na kanuni zake zilitoka 1991. Kwenye uwanja wa majaribio wa CEBTP, pale Saint-Rémy-lès-Chevreuse, walijenga kuta tatu, na kila moja ilipewa kifo chake. Tuzifuate moja moja, maana kila kifo ni hesabu ambayo hauwezi kuruka.

Ukuta wa kwanza ulikuwa na kimo cha mita 7, na misumari yake iliwekwa kwa akiba ndogo sana ya nguvu. Ulisimama. Kisha wakalowesha udongo kutoka juu. Maji yaliongeza uzito na kupunguza mshikano wa udongo, misumari ikavutwa kupita nguvu ya chuma chake, na ukuta ukashuka. Walipofukua, walikuta misumari imepinda pale mpasuko ulipopita. Hapo walielewa jambo moja: msumari unafanya kazi kwanza kwa kuvutwa. Kupinda kunakuja mwishoni tu, wakati udongo umeshasogea sana. Kifo hiki tukiite kukatika.

Ukuta wa pili uliuawa wakati ungali unajengwa. Walichimba hatua ndefu kuliko kawaida bila kuweka misumari wala betoni. Hatua ya mita 2 ilisimama, kwa sababu udongo ulijitengenezea tao, ukaegemea misumari ya juu na udongo wa chini. Hatua ya mita 3 haikuvumilia. Mchanga ulitiririka nyuma ya betoni, tao likavunjika, na uharibifu ukapanda mpaka juu. Ukuta ambao kwenye karatasi ulikuwa mzima ulikufa juu ya siku moja ya haraka. Njo maana kwenye shantie hatua inakuwa mita 1 mpaka 2 tu, na inafungwa kabla ya kushuka tena. Na hesabu inafanywa kwa kila hatua, si kwa ukuta uliomalizika peke yake.

Ukuta wa tatu ulikuwa na misumari iliyotengenezwa ili urefu wake upunguzwe kidogo kidogo. Chuma hakikukatika. Mshikano kati ya simenti na udongo ulibaki mdogo mno, na misumari ikateleza kutoka ndani. Hicho ni kifo cha kuchomoka.

Sasa tuchukue mkato wetu, tuone umbali kati ya misumari unaingia wapi. Tuseme barabara imekata kilima kimo cha mita 6, karibu wima. Udongo una uzito wa tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo, na pembe ya msuguano ni nyuzi 30. Kwa udongo wa namna hiyo, msukumo wa upande ni kama theluthi moja ya uzito. Kwa makadirio ya kwanza tunachukua robo tatu ya msukumo wa chini kabisa: 0.75 × 1/3 × 1.8 × 6, inatoa tani 2.7 kwa kila mita ya mraba ya ukuta.

Kila msumari unabeba kipande chake cha ukuta. Tukiiweka mita 1.5 kwa mita 1.5, kipande ni mita za mraba 2.25, na msumari unavutwa kwa tani 6 hivi. Chuma cha milimita 25 cha nguvu ya kawaida ya leo kinaanza kulegea karibu na tani 24. Tukiacha akiba, tunakiruhusu tani 13. Kwa upande wa kukatika, tuko sawa.

Sasa kuchomoka. Tundu lina upana wa sentimita 10. Tuseme jaribio la kuvuta pale pale kwenye kilima limeonyesha mshikano wa tani 10 kwa mita ya mraba ya ngozi ya tundu. Mita moja ya msumari inashika tani 3.1. Tukigawanya kwa 2 kwa usalama, inabaki tani 1.57. Tunahitaji basi karibu mita 3.9 za msumari nyuma ya mpasuko. Lakini sehemu ya mbele ya msumari iko ndani ya ule udongo unaotaka kuanguka, kwa hiyo haihesabiwi. Juu ya ukuta sehemu hiyo inafika karibu 0.3 ya kimo, hapa mita 1.8. Jumla ni mita 5.7, tuseme 6.

Tajiri wa kazi anakuja: « Weka mita 2 kwa mita 2, tupunguze misumari. » Ni nusu mita tu imeongezeka, lakini kipande kimekuwa mita za mraba 4, na mvuto umefika karibu tani 11. Chuma bado kinavumilia. Kuchomoka njo kunakataa: sasa tunahitaji mita 6.9 nyuma ya mpasuko, na msumari mzima karibu mita 9. Aliyepanua umbali na kubakiza mita 6 amejenga ule ukuta wa tatu wa Clouterre bila kujua. Na zaidi ya hapo, hatua ya kuchimba imeongezeka, kwa hiyo amesogelea ule wa pili pia. Vilevile kila kichwa cha msumari kinasukuma betoni kwa nguvu zaidi, na sahani ndogo inaweza kutoboa ngozi. Hiyo nayo inahesabiwa.

Kuna kifo kingine ambacho umbali kati ya misumari haukiponyi. Udongo wote uliopigiliwa unakuwa kama jiwe moja kubwa. Jiwe hilo linaweza kuteleza zima, ama mpasuko ukapita nyuma na chini ya ncha za misumari. Hapo hata ukiweka misumari 25,000, inasafiri yote pamoja na kilima. Kwa hiyo lazima kutafuta mpasuko mbaya kuliko yote: ule unaopita kati ya misumari, ule unaokata baadhi, na ule unaoizunguka yote. Sisi wa Kivu jambo hili linatugusa. Pale Funu, Bukavu, kilima chenyewe kinasogea kwenye kina ambacho msumari wa mita 6 haukifikii hata kidogo. Misumari inafaa mkato mpya kwenye udongo uliotulia. Haifai kilima ambacho kimeshaanza safari. Na kwenye udongo wa mfinyanzi laini, unaosogea polepole kila mwaka, mshikano wa siku ya jaribio hauaminiki kwa miaka.

Namna gani utajua ukuta unaanza kuchoka? Msumari haujavutwa kabla. Unangoja udongo usogee kidogo ndipo ushike. Kwa hiyo kusogea kwenyewe si kosa. Kwa ukuta wa mita 6, kichwa cha ukuta kusogea mbele kati ya milimita 6 na 18, kufuatana na udongo, ni kazi ya kawaida, na inapaswa kusimama baada ya ujenzi kuisha. Kama kinaendelea baada ya hapo, ama mpasuko mrefu unafunguka juu ya kilima nyuma ya misumari, usiujaze simenti na kwenda nyumbani. Angalia pia matundu ya kutoa maji. Kama mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi matundu ni makavu, maji yako nyuma ya betoni, na ukuta wa kwanza wa Clouterre umeshatuonyesha kinachofuata.

Versailles walitumia misumari 25,000 kwa sababu hawakujua. Sisi leo tunaweza kutumia michache, lakini tu kama kila kifo kimepigiwa hesabu yake. Siku utapewa plani ya mkato, kabla ya kuuliza misumari ni mingapi, uliza jaribio la kuvuta lilifanyika kwenye kilima gani, na hatua ya kuchimba ni ya mita ngapi.