Azimuthi na kimo cha jua: nyumba ya Njoro saa kumi jioni

Mteja anayejenga Njoro, Moshi, akiagiza picha ya kompyuta ya nyumba yake, mara nyingi huomba vitu viwili kwa pamoja: jua la saa kumi jioni likiangaza ukuta, na Kilimanjaro nyuma ya paa. Kama vyote viwili vinawezekana, jibu liko kwenye pembe mbili.

Ya kwanza ni azimuthi, yaani pembe ya dira: unaanzia kaskazini kwenye 0, unazunguka kufuata mshale wa saa, mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270. Ya pili huandikwa Sun Elevation kwenye Sky Texture ya programu ya Blender, nayo hupima jua limepanda nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho. Wengi huiita mwinuko, lakini kwenye Sky Texture hiyohiyo kuna pia Altitude, ambayo ni mita juu ya usawa wa bahari. Tukiziita zote mwinuko, namba ya moja itaandikwa kwenye nafasi ya nyingine. Afadhali pembe iitwe kimo cha jua, na mwinuko ubaki kuwa wa ardhi.

Pembe hizi hazikisiwi. Nyongeza ya Sun Position huzikokotoa ukiipa mahali, tarehe na saa. Kwa Njoro, andika hivi:

```
Latitude: -3.35
Longitude: 37.34
UTC Offset: 3
Time: 16
```

Tarehe 21 Juni, jua linakuwa kwenye azimuthi 301 na kimo cha nyuzi 33, yaani kaskazini-magharibi. Tarehe 21 Desemba, saa ileile, azimuthi ni 243 na kimo ni 35, yaani kusini-magharibi. Kimo hakikubadilika sana, lakini jua limehama upande mmoja wa nyumba kwenda mwingine. Njoro iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hupita kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini.

Sasa turudi kwa mteja. Kibo iko kaskazini mwa Moshi. Ili mlima uonekane nyuma ya paa, kamera lazima itazame kaskazini, na ukuta utakaoonekana ni wa kusini. Mwezi Juni ukuta huo uko kivulini saa kumi. Anayebandika mlima nyuma ya ukuta wa kaskazini unaong'aa ameuhamishia mlima upande wa Arusha Chini, na mkazi yeyote wa Moshi ataligundua hilo mara moja. Ombi la mteja linatimia kwa tarehe ya Desemba au Januari, jua likiwa nyuma ya kamera, kushoto.

Makosa mengine hujificha. Ukiacha UTC Offset kwenye 0, programu itadhani ni saa moja usiku wa Tanzania na anga itakuwa giza; hilo utaliona. Ukisikia "saa kumi" ukaandika 10, picha itatoka nzuri tu, ila jua la Juni litakuwa kaskazini-mashariki na vivuli vitalala upande usio wake. Ukisahau alama ya kutoa kwenye Latitude, pembe zitapotoka kwa nyuzi tatu au nne tu, kosa ambalo jicho halilikamati. Tena, ramani ya nyumba huchorwa kufuata mipaka ya kiwanja, si kufuata kaskazini. Tofauti hiyo huandikwa kwenye North Offset.

Njia ya kukagua ni kusimamisha nguzo ya mita moja ndani ya mchoro. Saa kumi ya 21 Juni kivuli chake kiwe na urefu wa mita 1.55, kikielekea kusini-mashariki. Urefu ukiwa tofauti, kagua saa na tarehe. Urefu ukiwa sawa lakini mwelekeo umekosea, kagua North Offset.

Imebaki anga. Weka Altitude mita 800 hivi. Mabadiliko yake ni madogo. La kuangalia zaidi ni kwamba Sky Texture huchora anga isiyo na wingu, wakati Juni na Julai Moshi huwa na baridi na mawingu mazito, na vivuli hufifia. Ukitaka mawingu, tumia picha ya anga ya HDRI, kisha izungushe hadi jua lililomo lilingane na azimuthi uliyokokotoa. Nguzo ikitoa vivuli viwili, ujue picha ina majua mawili, na moja lizimwe.