Kurudisha mipangilio ya mtandao: inafuta nini kwenye simu yako, na ujaribu lini kabla ya kwenda kwa fundi

Simu haisomi mtandao. Au inasoma, lakini bando lipo na WhatsApp haifunguki. Kwa msikilizaji wetu wa vijiji vya Handeni au Korogwe, hatua inayofuata mara nyingi ni kupanda bodaboda kwenda mjini, kumwachia fundi simu na kurudi kesho yake. Kuna fundi atakayesema simu "inataka kuflashiwa", na ikishaflashiwa, picha za watoto na namba za wateja zimekwenda.

Ndani ya simu janja kuna kitufe kinachoweza kumaliza baadhi ya matatizo hayo kwa dakika moja, bila malipo na bila kugusa picha hata moja. Kitufe hicho ni cha kurudisha mipangilio ya mtandao. Watu wengi wanakiogopa kwa sababu kinakaa ukurasa mmoja na kitufe kingine ambacho kweli kinafuta kila kitu. Katika makala hii tunaeleza tofauti ya vitufe hivyo viwili, na jinsi ya kujua kama tatizo lako ni la aina inayotibika hivyo.

Kinachofutwa na kisichofutwa

Simu hukumbuka mambo mengi kuhusu namna ya kuungana na mitandao. Inakumbuka majina ya waifai ulizowahi kutumia na maneno yake ya siri, pamoja na spika, redio ya gari au visikilizi ulivyounganisha kwa blutuuthi. Kwenye laini inakumbuka kama itafute mnara wa aina yoyote au wa 4G tu, kama ichague kampuni yenyewe au imeamriwa na mtu, na ipitie mlango gani kuingia intaneti. Mlango huo kwenye simu unaitwa APN.

Ukirudisha mipangilio ya mtandao, kumbukumbu hizo ndizo zinazofutwa, na simu inarudi kwenye hali iliyotoka nayo kiwandani kwa upande wa mtandao peke yake. Katika simu nyingi, jina na neno la siri ulilojiwekea kwenye hotspoti yako navyo hubadilika.

Picha, video, namba za watu, ujumbe mfupi, mazungumzo ya WhatsApp, nyimbo na programu vinabaki kama vilivyo. Bando halipotei, kwa sababu linahesabiwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Ndivyo ilivyo pia kwa fedha zako za M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa: ziko kwenye kumbukumbu za kampuni, na namba yako ya siri inabaki ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia anahitaji namba yako ya siri ya pesa ili atengeneze mtandao wa simu, usimpe.

Aina mbili za ubaya zinazotibika

Ya kwanza ni simu iliyofungiwa kwenye aina moja ya mnara. Mtu anayetaka intaneti ya kasi anaweza kuamuru simu yake itumie 4G peke yake. Mjini ataona raha, lakini akifika mahali penye mnara wa 2G au 3G tu, simu haitautazama mnara huo na itaonyesha haina mtandao. Hata mahali ambapo 4G ipo, simu ambayo haiwezi kupiga simu kwa njia ya 4G itabaki na intaneti nzuri huku kila anayekupigia akiambiwa hupatikani. Ukiona dalili hiyo, intaneti inakwenda lakini simu haziingii wala hazitoki, anza kushuku hapo.

Ya pili ni mlango wa intaneti uliokosewa. Hii huwapata sana wanaonunua simu zilizotumika, wanaoletewa simu kutoka nje ya nchi, na waliowahi kuandika APN kwa mkono kwa kufuata maelekezo ya rafiki. Dalili yake ni kinyume cha ile ya kwanza: unapiga na kupokea vizuri, ujumbe mfupi unaingia, bando lipo na data umewasha, lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Pamoja na hizo mbili, kitufe hiki husaidia waifai inapokataa kuunganika ingawa neno la siri ni sahihi, na spika ya blutuuthi iliyokuwa ikifanya kazi inapogoma ghafla.

Kipimo cha laini mbili

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fanya kipimo hiki. Unahitaji jirani mwenye simu na laini ya kampuni ile ile unayotumia wewe.

Kwanza muulize kama yeye ana mtandao. Kama naye hana, tatizo ni la mnara, na dawa ni kusubiri. Kama anao, weka laini yako kwenye simu yake, kisha laini yake kwenye simu yako. Laini yako ikigoma na kwake pia, ubaya uko kwenye laini. Laini yake ikigoma kwenye simu yako, ubaya uko kwenye simu, na hapo ndipo kitufe chetu kina nafasi.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana anaishi kijiji cha milimani upande wa Bungu, wilayani Korogwe, mahali ambapo mnara wa karibu unatoa 2G na 3G tu. Amenunua simu iliyotumika Korogwe mjini. Pale dukani iliingia intaneti vizuri, lakini alipofika nyumbani ikaandika haina mtandao. Mama yake ana kitochi chenye laini ya kampuni hiyo hiyo, na kinapiga bila shida. Kwa hiyo mnara ni mzima.

Anaweka laini yake kwenye kitochi cha mama, inapiga. Anaweka laini ya mama kwenye simu yake, haisomi. Kwa hiyo laini ni nzima na tatizo ni la simu. Na kwa kuwa simu hiyo ilikuwa ikisoma mjini, redio yake ya ndani haijafa. Kilichobaki ni mipangilio: mwenye simu wa kwanza aliifungia kwenye 4G. Kijana anarudisha mipangilio ya mtandao, anazima simu na kuiwasha, anasubiri kama dakika mbili, na mtandao unarudi. Angeipeleka kuflashiwa, mtandao nao ungeweza kurudi, lakini angelipia fundi na nauli kwa kazi ambayo angeifanya akiwa nyumbani.

Hatua kwa hatua

Anza na mambo madogo. Hakikisha bando halijaisha na data imewashwa. Washa alama ya ndege kwa nusu dakika kisha uizime. Zima simu na uiwashe. Kama bado, andika kwenye karatasi maneno ya siri ya waifai unazozihitaji, halafu fungua mipangilio ya simu. Kwenye Tecno, Infinix, itel na simu nyingine nyingi za Android, njia inafanana na hii:

```
Settings > System > Reset options
> Reset Wi-Fi, mobile & Bluetooth
```

Kwenye Samsung:

```
Settings > General management > Reset
> Reset network settings
```

Kwenye iPhone:

```
Settings > General > Transfer or Reset iPhone
> Reset > Reset Network Settings
```

Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Baadhi ya simu mpya zina vitufe viwili, kimoja cha laini na kingine cha waifai na blutuuthi. Bonyeza kile kinachohusu tatizo lako. Simu yenye laini mbili inaweza kukuuliza ni laini ipi. Itakuuliza pia namba ya siri ya kufungulia simu, na hilo ni la kawaida. Ukiona kiboksi kinachotaja kufuta eSIM, kiache bila alama.

Sasa angalizo kubwa. Karibu na kitufe hiki kuna kingine kilichoandikwa `Erase all data (factory reset)`, ambacho kwenye Samsung ni `Factory data reset` na kwenye iPhone ni `Erase All Content and Settings`. Hicho ndicho kinachofuta picha, namba na kila kitu. Soma neno kwa neno kabla ya kubonyeza. Ukiona neno `Erase` pamoja na `all`, au neno `Factory`, rudi nyuma. Kama huna uhakika wa kusoma maneno hayo, mwite anayeweza kuyasoma akae pembeni yako.

Kazi ikiisha, washa data tena, na kama una laini mbili hakikisha umechagua ile yenye bando. Unganisha upya waifai na spika yako. Kama simu zinapiga lakini intaneti bado haifunguki, piga 100, namba ya huduma kwa wateja, uombe wakutumie mipangilio ya intaneti.

Wakati ambapo kitufe hakitasaidia

Kama kipimo cha jirani kimeonyesha laini ndiyo mbovu, acha simu ilivyo na uende kwenye duka la kampuni ya laini au kwa wakala wake, ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Laini inaweza kuwa imechakaa, au ina tatizo la usajili. Piga `*106#` uone kama namba hiyo imesajiliwa kwa jina lako.

Kama simu ilidondoka au iliingia maji ndipo ikaanza kukosa mtandao, hilo ni jambo la vyuma vya ndani. Fundi anahitajika.

Mwisho, piga `*#06#`. Simu nzima itaonyesha IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Ikiwa haionyeshi kitu, au inaonyesha sifuri tupu, simu imepoteza utambulisho wake na kurudisha mipangilio hakutaurudisha. Na ikiwa namba hiyo imefungiwa, kama zilivyofungiwa simu bandia kuanzia tarehe 16 Juni 2016 kwa agizo la TCRA, hakuna mipangilio itakayoifungua.

Ukilazimika kwenda kwa fundi baada ya hapo, mweleze matokeo ya kipimo: laini yangu inafanya kazi kwenye simu nyingine, laini nyingine haifanyi kazi kwenye hii, na mipangilio ya mtandao nimesharudisha. Akitaka kuflashi, mwombe kwanza ahamishe picha na namba zako mahali salama.