Chati Mbili za Jumatatu: Dashibodi ya Meneja wa Lodwar

Tumfikirie meneja mwenye ofisi Lodwar na shughuli nyingi Kakuma, anayetangaza siku za kliniki tembezi kwenye ukurasa wa Facebook. Jumatatu asubuhi ana maswali mawili: tangazo limewafikia watu wa kutosha, au atume gari la vipaza sauti? Na je, mhudumu wa ukurasa anahitaji msaidizi? Hoja yangu ni kwamba maswali hayo yanatoshelezwa na chati mbili, na kuzichora ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuamua kinachohesabiwa.

Takwimu za siku zinapotosha. Facebook huifunga siku ya ukurasa usiku wa manane wa California, ambao huku kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano majira ya baridi ya kule. Waliolisoma tangazo Jumatano saa tatu asubuhi huingia katika hesabu ya Jumanne. Tena, watu wa siku saba hawajumlishwi: watu 300 kila siku hawawi 2,100, kwa kuwa huenda ni walewale.

Kwa hiyo ni afadhali kupima tangazo kuliko siku. Lakini idadi ya waliofikiwa na tangazo huendelea kupanda, na la zamani litalishinda jipya bila sababu. Programu inayovuta data kila saa iongeze safu mpya kwenye jedwali, isifute ya awali, ili kila tangazo lisomwe likiwa na umri uleule, tuseme saa 48.

Chati ya kwanza basi ni nguzo za matangazo ya karibuni na mstari mmoja wa kulinganishia. Mstari huo uwe wa wastani? Chukua mfano wa kubuni: matangazo manne yalifikia watu 400, 420, 450 na 3,900, la mwisho likiwa limesambazwa na mtu maarufu. Wastani ni karibu 1,293. Tangazo jipya lenye 520 litaonekana limeanguka, na gari litatumwa bure. Namba ya kati ni 435, na kwayo 520 ni tangazo zuri:

```
=MEDIAN(B2:B5)
```

Chati ya pili ni ya maswali ya wasomaji yaliyokaa bila jibu kupita siku moja. Hiyo humwonyesha kama amwongezee msaidizi mhudumu wa ukurasa.

Ramani ya Lodwar na Kakuma nimeikataa, ingawa mameneja huipenda. Mji unaotajwa na Facebook ni wa kukadiriwa, na simu moja ikisomwa na watu watano wa nyumba moja, mtandao huona mmoja. Ndiyo maana namba ya kati humlinganisha meneja na matangazo yake mwenyewe tu. Haimwambii Kakuma nzima imesikia.

Juu ya chati iandikwe kwa herufi kubwa saa ya safu ya mwisho. Tokeni ya muda mrefu ya mtumiaji, ambayo programu huitumia kuvuta data, huisha baada ya siku 60 hivi, na ikiisha chati haiharibiki: hubaki palepale, safi, ikionyesha wiki iliyopita.